Pampu muhimu ni ipi hasa?

Wiki iliyopita, kwenye kikao cha kupanga ratiba ya matengenezo kinga, nimesikia tena: "Pampu ya kisima iwekwe daraja la kwanza, ndiyo kubwa kuliko zote." Wote wakaitikia, ikaandikwa. Basi niseme neno umuhimu lina maana gani kwenye ratiba kama ile, kwa sababu mtu akilikosea hilo, yote yanayofuata yanakosewa.

Umuhimu wa pampu au mota ni ukubwa wa madhara yanayotokea pale ilipo ikizimika sasa hivi, ukizingatia muda wa kuirudisha kazini. Haulingani na kilowati wala bei, na hauoneshi mashine imechakaa kiasi gani.

Muhimu ni neno la Kiarabu, na mzizi wake ni ule wa hamu. Leo hamu kwetu ni shauku, lakini msemo wa hamu na ghamu bado unabeba maana ya zamani: majonzi, wasiwasi, jambo linaloukaa moyo. Kwa asili yake, kitu muhimu ni kile kinachokutia wasiwasi. Ningependa mafundi tulirudishe neno huku. Tukisema pampu ni muhimu, maana yake iwe kwamba ikinyamaza saa nane usiku, kuna mtu lazima aamshwe. Ile ambayo inaweza kusubiri asubuhi bila mtu kupata hasara si muhimu, hata kama iligharimu mamilioni.

Kuna pia wanaochanganya umuhimu na ubovu. Pampu inayovuja kila wiki inapigiwa kelele kila wiki, na kwa kelele hizo inapandishwa daraja. Ubovu unakuambia tatizo liko karibu kiasi gani. Umuhimu unakuambia tatizo likifika litauma kiasi gani. Wapo wataalamu wanaozidisha hayo mawili kupata alama moja, na utaratibu huo una mantiki yake. Mimi kwenye kiwanda kidogo huyatenga, kwa sababu ubovu unabadilika mwezi hadi mwezi na madhara hayabadiliki mpaka ubadilishe kiwanda chenyewe.

Chukua kiwanda kidogo cha maziwa nilichokifanyia kazi. Kilikuwa na pampu ya kisima ya kilowati 7.5, pampu mbili za maji baridi zinazopokezana, na pampu mbili za kilowati 2.2 za aina moja, zilizonunuliwa siku moja. Kati ya hizi mbili, moja inalisha boila maji, nyingine inasukuma maji ya kuoshea kreti. Kwa kila moja tuliuliza: ikizimika, kiwanda kinaendelea kwa muda gani, na itachukua muda gani kuirudisha? Tofauti ya hapo ndiyo saa za hasara.

Pampu ya kisima: tangi la juu linabeba lita 30,000 na kiwanda kinatumia 20,000 kwa siku, kwa hiyo tangi likiwa limejaa kuna saa 36 za akiba. Kuitoa kisimani na kuweka nyingine ni kama saa 48. Hasara ni saa 12, tena boza la maji linaweza kuziba hilo pengo. Pampu za maji baridi: mmoja akifa mwenzake anawashwa ndani ya dakika kumi, alimradi mwenzake ni mzima. Ya kreti: vijana wanachukua brashi na mpira wa maji, kazi inachelewa, haisimami.

Ya boila: maji yakishuka, swichi ya usalama inazima moto, na ndani ya muda mfupi hakuna mvuke. Bila mvuke hakuna kuchemsha maziwa. Matangi ya kupozea yakijaa, maziwa ya wafugaji ya kesho hayana pa kwenda. Mota mpya au sili ilikuwa inaagizwa mjini, siku tatu. Saa 72, karibu zote za hasara. Na swichi ile ikishindwa kufanya kazi, boila linaungua likiwa kavu, na hapo tunazungumzia roho za watu. Kwa hiyo swichi yenyewe inajaribiwa kila siku bila kungoja hesabu ya saa.

Angalia hapo: pampu mbili za aina moja, bei moja, moja ni ya kwanza na nyingine ni ya mwisho kwenye orodha. Umuhimu ni wa nafasi. Ndiyo maana nasisitiza orodha iandikwe "pampu ya kulisha boila", isiandikwe namba ya mashine peke yake, maana mashine huhama.

Na hesabu ile ilitufungua macho kwa jambo jingine. Pampu ya kreti ni spea ya boila iliyokuwa imekaa ukutani muda wote. Kuifungua na kuihamisha ni kama saa tatu. Bila kununua kitu, saa 72 zikawa tatu. Papo hapo ya kreti nayo ikapata thamani mpya, ya akiba: ikivuja sasa inatengenezwa mapema, kwa sababu spea mbovu si spea. Ni sawa na pampu ya maji baridi ya akiba. Isipowashwa mara kwa mara, hakuna atakayejua kwamba imekufa mpaka siku inapohitajika.

Kosa linaloniuma zaidi huja baada ya kupanga madaraja. Mtu anachora jedwali: daraja la kwanza sevisi kila wiki, la pili kila mwezi, la tatu kila miezi sita. Linapendeza kwa macho, lakini daraja halitoi muda wa sevisi. Muda unatokana na jinsi kitu kinavyokufa: kutoka dalili ya kwanza mpaka kusimama kuna siku ngapi? Sili ikianza kudondosha na kawaida inakupa wiki mbili, ikague kila wiki, ili dalili isikupite katikati. Daraja linaamua mengine: nani anakaguliwa kwanza mafundi wakiwa wawili tu, spea ya nani inakaa stoo, na nani anaweza kuachwa afanye kazi mpaka afe.

Nimeona mota iliyopewa grisi kila wiki kwa sababu tu ni ya daraja la kwanza. Ilikuwa na beringi ya 6309, yenye kipenyo cha nje cha milimita 100 na upana wa milimita 25. Kanuni inayotumika sana ni kuzidisha hivyo viwili kisha kuzidisha kwa 0.005, unapata gramu 12.5 kwa kila zamu ya kutia, na zamu hizo kwa kawaida hupishana kwa miezi. Pale walikuwa wanasukuma mpaka grisi itokee pembeni. Beringi iliyoshindiliwa hivyo inachemka, na grisi inapenya hadi kwenye nyaya za mota. Tulipoifungua, koili zilikuwa zimepakwa grisi nyeusi kama lami. Na mota ndogo kama zile za 2.2 mara nyingi zina beringi zilizofungwa kiwandani, hazina hata nipo ya grisi. Kazi yake ni kusikiliza, kushika joto, kupima ampea na kubadilisha beringi ukifika wakati.

Kwa hiyo ndugu zangu wa kikao kile, sina ugomvi na kuiweka pampu ya kisima kwenye ratiba. Naomba tu kwenye safu ya umuhimu tufute "kubwa" na tuandike "saa 12", na mbele ya ile ndogo ya boila tuandike "saa 3, ikiwa ya kreti ni nzima".