Uhoji madereva wangapi? Ukubwa wa sampuli ukilinganisha wastani mbili

Binamu yangu anasoma chuo hapa Mombasa, na utafiti wake ni huu: dereva wa tuktuk anayekaa stejini kungoja abiria na yule anayezunguka mitaani kuwatafuta, nani anabaki na pesa zaidi jioni akishatoa mafuta? Akaniuliza ahoji wangapi, maana kuna mtu kamwambia thelathini kila upande inatosha. Nikamwambia hiyo thelathini haijatoka kwenye swali lako, na idadi lazima itoke kwenye swali lenyewe.

Vitu vinavyohitajika ni vinne tu. Cha kwanza ndio kigumu na watu wengi wanakiruka, tofauti ndogo kabisa ambayo ina maana kwa mtu. Hiyo huipati kwa hesabu, unamuuliza mwenye kazi. Tukamuuliza mzee mmoja wa tuktuk pale Buxton, akasema, "Mwanangu, chini ya mia mbili kwa siku mimi steji yangu siiachi." Basi hiyo tofauti tuiite D, ni 200, imeisha.

Cha pili ni mchepuko sanifu, kwenye fomula SD, yaani mapato ya dereva mmoja na mwengine yametawanyika kiasi gani kuzunguka wastani wao. Tunachukulia makundi yote mawili yametawanyika sawa, ndio maana inaingia namba moja. Binamu alikuwa ameshaandika mapato ya madereva wachache kwa majaribio, ikatoka kama shilingi 500.

Viwili vilivyobaki vinahusu makosa unayoweza kuyavumilia. Alfa ni 0.05, maana yake kama kwa kweli hakuna tofauti yoyote, kuna nafasi ya asilimia 5 utatangaza ipo. Halafu pawa, kama tofauti ya kweli ni hiyo 200, nafasi ya utafiti wako kuinasa ni asilimia ngapi, na wengi wanachukua 80, kwa hivyo hata ukifanya kila kitu sawa bado mara moja kati ya tano itakupita. Kwenye hesabu alfa inageuka 1.96 na pawa inageuka 0.84.

```
n = 2 × (1.96 + 0.84)² × SD² ÷ D²
n = 2 × 7.84 × 250000 ÷ 40000 = 98
```

Hiyo 98 ni ya kila kundi, si jumla, hapo watu wanateleza sana. Ukiiweka kwenye R, programu ya takwimu:

```r
power.t.test(delta=200, sd=500, sig.level=0.05, power=0.8)
```

inakupa 99.08, unapandisha mpaka 100, kidogo zaidi kwa sababu mchepuko wenyewe utakadiriwa kutoka kwa data hiyohiyo na huo wasiwasi lazima ulipiwe. Kwa hivyo madereva 200 jumla. Sasa ile thelathini kila upande? Pawa yake ni kama theluthi moja tu, yaani angezunguka mji mzima na jua hili, na hata kama tofauti ya 200 ipo kweli, mara mbili kati ya tatu angerudi kusema hakuiona.

Angalia D iko chini na imepigwa mraba. Ukisema unataka kunasa shilingi 100 badala ya 200, huongezi mara mbili, unaongeza mara nne, inakuwa karibu 400 kila kundi. Kuna wanaofanya kinyume, wanaona 200 ni wengi mno wanapandisha D mpaka idadi iwe ya kubebeka. Hapo swali umelibadilisha kimyakimya, mzee alisema mia mbili.

Lakini kinachoniuma zaidi ni ule mchepuko. Madereva wachache wa majaribio wanakupa kadirio legelege sana, na tuseme hali halisi ni 700 si 500, basi wale 100 kila kundi pawa yao inashuka mpaka kama asilimia 52, ni kama kurusha shilingi, na hutojua mpaka umemaliza kukusanya. Nilimwambia apige hesabu tena kwa 600 na 700 kabla hajatoka, na kwa 700 inafika 194 kila kundi, bora ajue mapema kama hawezi.

Akapata wazo, achukue madereva 10 kila upande, awafuate siku 10, si 100 hizo? Sio. Dereva hodari atakuwa hodari Jumatatu na Jumanne pia, namba zake zinafanana zenyewe kwa zenyewe, na ile fomula inadhani kila namba imetoka kwa mtu wake. Siku 10 za dereva mmoja unazifanya wastani mmoja, inahesabika moja. Faida ipo lakini, wastani wa siku 10 haurukiruki kama siku moja, kwa hivyo mchepuko unapungua na madereva unaowahitaji wanapungua pia, ila unapungua kwa ile sehemu ya bahati ya siku tu, tofauti ya mtu na mtu inabaki palepale. Sasa anarekodi madereva wa majaribio zaidi, kila mmoja siku 5, apate mchepuko wa wastani hizo ndio aurudishe kwenye fomula.