Kipato cha kudumu na kipato cha mpito: kwa nini nyongeza mbili zinazolingana hazibadilishi matumizi kwa kiasi kimoja

Kipato cha kudumu ni kile kiwango cha kipato ambacho mtu anatarajia kukipata kwa wastani katika miaka mingi ijayo, baada ya kuondoa bahati nzuri na mbaya za mwaka mmoja mmoja. Kinachobaki, yaani ziada au upungufu wa mwaka husika, huitwa kipato cha mpito. Mwanauchumi Milton Friedman alitoa hoja hiyo mwaka 1957, akidai kwamba watu hupanga matumizi yao kwa kufuata kipato cha kudumu, si kwa kufuata kiasi kilichoingia mfukoni mwezi huu. Miaka michache kabla yake, Franco Modigliani na Richard Brumberg walikuwa wameeleza wazo la jirani, la mzunguko wa maisha: kwamba mtu huweka akiba anapokuwa na nguvu za kufanya kazi ili aitumie baada ya kustaafu, na hivyo matumizi yake hayapandi na kushuka pamoja na mshahara.

Nguvu ya mawazo haya huonekana vizuri zaidi katika hesabu. Tuchukue mfanyakazi wa miaka 30 asiye na akiba wala deni, anayepata vipimo 100 vya fedha kwa mwaka, atakayestaafu akiwa na miaka 60 na kuishi hadi miaka 80. Ili hesabu iwe nyepesi, tuchukulie kwamba hakuna riba, na kwamba anapenda kuishi kwa kiwango kilekile miaka yote. Katika miaka 30 ya kazi atapata vipimo 3,000, navyo vinapaswa kumtosha kwa miaka 50 iliyobaki, kwa hiyo atatumia 60 kwa mwaka na kuweka 40.

Sasa apewe bahashishi ya vipimo 10, mara moja tu. Utajiri wake wa maisha yote unakuwa 3,010, na matumizi yake yanapanda kutoka 60 hadi 60.2. Nyongeza ya 10 imezaa ongezeko la 0.2 mwaka huo. Sehemu nyingine yote inakwenda kwenye akiba. Lakini mshahara wake ukipandishwa kwa 10 kila mwaka hadi atakapostaafu, jumla inakuwa 3,300 na matumizi yanafika 66. Mwaka wa kwanza ameshika vipimo 10 vilevile kama katika mfano wa bahashishi, ilhali matumizi yameongezeka mara 30 zaidi.

Inafaa kutazama kwa nini ongezeko hilo ni 6 na si 10 kamili. Friedman, aliyefikiria upeo mrefu usio na kikomo dhahiri, angetarajia nyongeza ya kudumu itumike karibu yote. Katika mzunguko wa maisha, hata hivyo, mshahara “wa kudumu” hukoma siku ya kustaafu, na sehemu yake lazima itunzwe kwa ajili ya miaka 20 isiyo na mshahara. Kwa mfanyakazi wa miaka 55, nyongeza hiyohiyo itadumu miaka 5 tu na kugawanywa kwa miaka 25, hivyo matumizi yatapanda kwa 2. Bahashishi kwake itaongeza 0.4, mara mbili ya ile ya kijana, kwa kuwa amebakiwa na miaka michache zaidi ya kuigawanya.

Jambo lililo muhimu zaidi, na ambalo kwa maoni yangu husahaulika mara nyingi, ni kwamba matumizi hubadilika habari inapojulikana, si fedha zinapopokelewa. Mfanyakazi akihakikishiwa leo kwamba mshahara utapanda mwakani, nadharia inatabiri kwamba ataanza kutumia zaidi leo, na kwamba siku mshahara mpya unapoingia hakuna kitakachobadilika.

Mwaka 1968 serikali ya Marekani ilitoza nyongeza ya asilimia 10 juu ya kodi ya mapato ili kupoza uchumi, ikitangaza wazi kwamba ni ya muda. Matumizi hayakupungua kwa kiasi kilichotarajiwa, kwani kaya zilipunguza akiba badala ya kubana matumizi, kama hesabu yetu ya bahashishi inavyodokeza ikigeuzwa juu chini.

Utabiri huu hukwama pale mtu asipoweza kukopa. Kijana anayejua kwamba kipato chake kitapanda sana baadaye angependa kutumia sehemu yake sasa, lakini bila mkopo hutumia chote anachopata, na bahashishi ikimfikia ataitumia karibu yote mara moja. Tofauti hutambulika kwa kutazama akiba: mwenye akiba ya kutosha huacha sehemu kubwa ya fedha za mpito zikae, asiye na akiba hazikai. Tahadhari moja inahitajika katika kusoma takwimu za matumizi, kwamba anayenunua jokofu kwa bahashishi yake huhesabiwa kuwa ametumia fedha, ingawa kwa mtazamo wa nadharia ameweka akiba atakayoitumia kidogo kidogo kwa miaka mingi.