Pikipiki inajuaje kuwa imelala kwenye kona?

Funga timazi ya fundi mwashi kwenye fremu ya pikipiki, kisha ingia kona kwa mwendo ule ule bila kuongeza wala kupunguza. Utaona uzi haupindi: unabaki umeelekea kwenye tairi kana kwamba pikipiki imesimama wima. Nguvu ya kona inausukuma nje huku uzito ukiuvuta chini, na mwelekeo wa jumla unalingana na ulalo wa pikipiki.

Kwa hiyo ulalo hauwezi kupimwa kwa timazi. Pikipiki zenye ABS ya kona, mfumo wa kuzuia breki zisikwamishe magurudumu ukiwa umelala, ambao Bosch waliuingiza sokoni mwaka 2013 kwenye KTM 1190 Adventure, zina kisanduku chenye vihisi viwili kwa pamoja: kimoja hupima kasi ya pikipiki kujigeuza, kingine hupima misukumo. Kompyuta huchanganya vipimo hivyo na mwendo wa magurudumu, ndipo hupata nyuzi za ulalo.

Kwa nini ihangaike hivyo? Kwa sababu tairi lina mshiko mmoja tu, unaogawanywa kati ya kukata kona na kufunga breki. Tuseme uko barabara ya Mtwara kwenda Lindi, pale inapozunguka ghuba ya Mikindani, na umeingia kona yenye nusu kipenyo cha mita 60 kwa kilomita 60 kwa saa. Unalala kama nyuzi 25, na kona inakula mshiko unaofikia asilimia 47 ya uzito wako. Lami kavu ikitoa asilimia 90, breki inabakiwa na takribani 77, maana nguvu hizi mbili hukutana kwa pembe mraba, hazitoani moja kwa moja. Lami ikilowa na mshiko ukashuka hadi 50, breki inabakiwa na 17 hivi.

ABS ya kawaida husubiri gurudumu lianze kukwama ndipo iachie, na ukiwa umelala huenda ikawa umechelewa. Ile ya kona hudhibiti presha ya breki ya mbele mapema, ipande polepole. Hilo pia huzuia pikipiki isijinyanyue ghafla na kukutupa nje ya njia yako.

Unapoongeza mafuta, kompyuta hulinganisha mwendo wa magurudumu ili kujua kama kuna linaloteleza. Ukilala, tairi hukanyaga kwa ubavu, ambako mzunguko wake ni mfupi, hivyo magurudumu hupishana mwendo hata bila kuteleza. Ikijua ulalo, kompyuta huondoa tofauti hiyo kwanza. Kinachobaki ndicho mtelezo wa kweli, nayo hupunguza nguvu ya injini.

Mchanga uliosambaa kwenye lami hauna dawa kwenye mfumo huu. Mshiko ukiwa asilimia 40, kona ile peke yake imeshauzidi, hata usipogusa breki.

Ukibadilisha tairi, weka saizi iliyoandikwa kwenye kitabu cha pikipiki, la sivyo hesabu ya mzunguko hupotoka. Na taa ya ABS isipozimika baada ya kuanza kutembea, kagua kwanza tope kwenye kihisi cha gurudumu. Hadi izimike, endesha kama mwenye bodaboda isiyo na ABS: maliza breki kabla ya kulala.