Ofisi ikinyamaza, imeshakunyima

"Wakili, bado nangoja wanijibu." Maneno hayo yamenichosha masikio. Mtu ameomba ofisi ya kaunti nakala ya mkataba wa kisima cha kijiji, akaambiwa arudi Jumatatu, akarudi, akarudi tena, na miezi sita baadaye anaamini hawezi kulalamika popote mpaka apewe barua ya kukataliwa.

Hiyo barua haiji. Ofisi inayoficha kitu haina haja ya kukuandikia. Sheria ya Kupata Habari ya Kenya ya mwaka 2016 ililiona hilo mapema: afisa ana siku 21 za kujibu tangu alipopokea ombi, au saa 48 ikiwa habari inahusu uhai au uhuru wa mtu. Muda ukipita kimya, ombi lahesabiwa limekataliwa.

Tuseme ombi la kisima lilipokelewa tarehe 3 Machi. Siku 21 zinaisha tarehe 24. Kuanzia hapo una siku 30 za kuomba Ofisi ya Ombudsman, tume inayopokea malalamiko dhidi ya ofisi za umma, ipitie upya uamuzi huo, kwa hiyo tarehe 23 Aprili isikukute ukiwa bado unangoja. Ombudsman anaweza kuongeza muda, lakini kwa nini umpigie magoti? Ofisi nayo inaweza kujiongezea siku 14, mara moja tu, kwa sababu kama wingi wa hati zinazotafutwa. "Afisa yuko semina" si mojawapo.

Yote haya yanategemea uthibitisho kwamba ombi lilipokelewa. Nenda na nakala mbili, moja igongwe muhuri na tarehe, urudi nayo nyumbani. Wakikataa kugonga, tuma kwa barua pepe palepale. Na taja hati: "mkataba na vyeti vya malipo ya kisima fulani, mwaka fulani". Ukiuliza "pesa zetu zilienda wapi?" utajibiwa hotuba.

Eti lazima ueleze unaitakia nini? Hapana, na afisa hana ruhusa ya kukunyima kwa kukushuku. Eti lazima Kiingereza? Kiswahili kinatosha, na asiyejua kuandika anaandikiwa na afisa mwenyewe. Kuomba ni bure. Unalipia gharama halisi ya nakala.

"Mkataba una kipengele cha usiri" nayo si kufuli. Kweli, usalama wa taifa, faragha ya mtu na maslahi ya kibiashara vinalindwa, lakini afisa lazima aonyeshe madhara, na manufaa ya umma yakizidi, hati inatolewa. Sehemu nyeti hufichwa, zilizobaki unapewa. Mei 2022, Serikali ilitoa hoja za usiri na usalama kuhusu mikataba ya reli ya SGR. Jaji John Mativo wa Mahakama Kuu, Mombasa, akaamuru itolewe.

Ombudsman naye akikuangusha, Mahakama Kuu inapokea rufaa ndani ya siku 21 tangu amri yake.