Mkoba Haujatumika Hata Mara Mbili, Mbona Umebabuka?

Hili swali naulizwa na wateja wangu kila mara, hasa wanaokaa Dar, Tanga, Mombasa, Zanzibar, yaani huku kwetu pwani. Mtu anakuja na mkoba au jaketi la leza, ngozi ya juu inadondoka vipande vyeusi kama magamba, halafu ananiambia fundi hiki kitu sikukivaa, nimekitunza kabatini vizuri kabisa. Na mimi namwamini, kwa sababu kukiweka kabatini hakukisaidii kitu. Kilichokiua ni unyevu wa hewani na joto, na hivyo viwili vinafanya kazi usiku na mchana hata kama umeufungia mkoba na funguo ukaficha.

Tuanze na kitu chenyewe kimetengenezwaje. Ile tunayoita leza ya PU, yaani poliuretani, ni kitambaa, mara nyingi cha poliesta kilichofumwa kama fulana, kikapakwa utando wa plastiki juu. Huo utando ndio una rangi na ile michoro ya kuiga ngozi, na ni mwembamba sana, kwenye mali nyingi za bei rahisi haufiki hata sehemu ya kumi ya milimita. Nguvu yote iko kwenye kitambaa, uzuri wote uko kwenye utando. Sasa kuna na ile inayouzwa kama ngozi halisi kumbe ni vumbi na vipande vya ngozi vilivyosagwa vikagandishwa pamoja, halafu juu wakapaka PU, hiyo nayo inabanduka vilevile kwa sababu kinachoonekana juu ni PU tu.

Siri yenyewe iko kwenye huo utando. PU ya bei nafuu hutengenezwa kwa minyororo mirefu ambayo ndani yake kuna viungo vinavyoitwa esta. Kiwandani viungo hivi vinapatikana kwa kuunganisha asidi na aina fulani ya alkoholi, na kila kiungo kikiungana kinatoa maji, na hayo maji inabidi yaondolewe kwa kuchemsha ili kazi iendelee. Sasa elewa hapo: kazi hiyo inaweza kurudi nyuma. Ukileta maji tena, na maji ya hewani yanatosha kabisa, taratibu kiungo kinakatika, kinarudi kuwa asidi upande mmoja na alkoholi upande mwingine. Wataalamu wanaita haidrolisisi. Na baya zaidi ile asidi iliyotoka inaharakisha kukatika kwa viungo vingine, navyo vinatoa asidi zaidi, kwa hiyo mchakato unaanza polepole miaka kadhaa huoni chochote halafu ukifika mahali unakimbia. Ndiyo maana watu wanasema mwezi jana ulikuwa mzima. Ulikuwa mzima kwa macho tu, minyororo ilishakatika muda mrefu.

Joto nalo linakoleza. Kwa makadirio ya kawaida ya wakemia, ukiongeza nyuzi 10 za joto spidi ya mchakato wa namna hii inakaribia kuwa mara mbili. Kwa hiyo mkoba uleule ukiwa Nairobi au Arusha ambako kuna ubaridi na hewa siyo nzito, unaweza kudumu miaka mingi kuliko wa Mombasa au Dar. Na hapa pwani kwenyewe, kabati lililo chini ya bati bila dari ni baya kuliko kabati la nyumba yenye hewa, na buti ya gari iliyoegeshwa juani ndiyo sehemu mbaya kuliko zote.

Niwape kisa kimoja nikieleze chote. Mama mmoja alileta mkoba mweusi aliununua mpya kwa ajili ya kicheni pati ya binti yake. Baada ya shughuli aliujaza magazeti ndani usipoteze shepu, akautia kwenye mfuko wa nailoni, akafunga, akauweka juu ya kabati. Alipoutoa mishikio ilikuwa imebabuka, akaambiwa na jirani apake supa gluu na kiwi nyeusi, akapaka, ikawa mbaya zaidi. Akaniambia, "Mwanangu, nataka mishikio tu, mwili wake mzima."

Nilianza kuangalia kama kweli ni PU, kwa sababu ile reksini ya PVC inazeeka kivingine. PVC inakauka, inakuwa ngumu, inapasuka mistari, au inatoa mafuta juu ikawa inanata, lakini haidondoki magamba kirahisi hivi. Kipimo changu ni waya wa shaba: unaushika na koleo unauchoma kwenye moto mpaka uwe mwekundu na moto usiwe na rangi, unaugusisha kwenye kipande kidogo ulichokata ndani ya mshono, unarudisha motoni. Moto ukiwa kijani kibichi kuna klorini, hiyo ni PVC. Usipokuwa kijani, PVC hakuna. Fanya nje penye upepo, moshi wake siyo wa kuvuta, na kipande kiwe kidogo tu kama punje ya mchele. Kwa mkoba wa mama moto haukuwa kijani.

Halafu nikapima ule mwili anaosema mzima. Hiki kipimo hata nyumbani unafanya: chukua selotepu, bandika sehemu iliyofichika, sugua na kidole igande vizuri, halafu ivute kwa haraka. Utando ukiwa hai selotepu inatoka safi. Kwa mama ilitoka na ngozi nyeusi nyembamba, nikajaribu pembeni, chini, kwenye mfuniko, kote vilevile. Nikabonyeza na kidole gumba nikahesabu kidogo, kidole kikawa kinanata. Maana yake mwili nao umeshakwisha, ila haujakunjwakunjwa kama mishikio ndiyo maana haujaanza kudondoka. Mishikio inatangulia siku zote kwa sababu inapinda, inapata jasho na mafuta ya mkono na losheni. Kwenye jaketi inatangulia kola na viwiko.

Sasa hapa ndipo nataka watu wanielewe, kuhusu gundi na rangi. Gundi inafanya kazi kama vitu viwili unavyounganisha ni vizima. Hapa kinachokufa ni utando wenyewe, siyo gundi iliyoachia. Ni sawa na kupaka rangi ukuta ambao plasta yake inamomonyoka, rangi inashika plasta vizuri tu halafu plasta inaondoka na rangi yake. Rangi za akriliki za ngozi ni nzuri mahali ambapo rangi imepauka lakini selotepu inatoka safi, hapo nakubali. Supa gluu inakauka ngumu kama kioo, ukipinda inapasua hata pale palipokuwa pamebaki. Na kiwi ya viatu ina viyeyushi, inalainisha utando ambao tayari hoi. Mafuta ya nazi na vaselini pia hapana, ngozi halisi inanywa mafuta, utando wa PU hauna shida ya ukavu.

Kwa hiyo nikamwambia mama ukweli kwamba nikibadilisha mishikio tu atarudi kwangu mwili ukiwa umebabuka, na hela yake itakuwa imepotea. Tulichofanya nikaufumua, nikachukua kila kipande nikakifanya patani, nikakata upya kwa ngozi ya mbuzi, halafu nikarudisha zipu yake, bizimu zake na ile cheni ya dhahabu, vyote vilikuwa vizima. Kama mtu hana bajeti ya ngozi, turubai nzito inafaa sana na haina huu ugonjwa.

Kuna wakati kubandua ndiyo dawa. Begi la mgongoni la nailoni, lile la shule au la safari, utando wa PU uko kwa ndani, kazi yake kuzuia mvua. Ukizeeka ndani kunanata na kunanuka uchachu, vitabu vinashikana. Nailoni yenyewe bado nzima kabisa. Ligeuze ndani nje, loweka kwenye maji ya vuguvugu yenye sabuni na magadi ya kuokea, sugua na brashi ngumu mpaka ule unato utoke wote, panapogoma pangusa na spiriti ukiwa nje na glavu mkononi, na ujaribu kwanza pembeni kidogo uone kama rangi ya begi haitoki. Suuza, anika kivulini likauke kabisa. Halitazuia mvua tena, weka vitu kwenye mfuko wa plastiki ndani yake, ila litakufaa miaka mingine.

Kuhusu kutunza, huwezi kuzuia, unaweza kuchelewesha. Mfuko wa nailoni uliofungwa pamoja na magazeti ndani unafungia unyevu, maana karatasi inanyonya unyevu wa pwani na kuutunza palepale kwenye mkoba. Afadhali mfuko wa kitambaa cha pamba, kabati lenye hewa, mbali na bati. Vile vipakiti vya silika vinavyokuja na viatu havisaidii ndani ya kabati la wazi, vinajaa haraka. Vinasaidia kwenye kontena la plastiki lenye mfuniko unaobana, tena uwe unavikausha upya kwenye oveni nyuzi kama 120 kwa masaa mawili hivi, ukivitoa kwanza kwenye pakiti kama ni ya plastiki. Ukimaliza kuvaa futa kola na mishikio na kitambaa chenye maji kidogo, kisha kikavu, usitumie sanitaiza.

Kwa mafundi wenzangu mnaonunua jora Kariakoo au Eastleigh: siyo PU zote zinaugua hivi. Kuna za polietha, hizo maji hayaziwezi kirahisi ila jua na joto vinazichosha, na kuna za polikaboneti ambazo ndizo ngumu zaidi na bei yake imepanda kidogo. Kwa macho na kwa mkono hutazitofautisha. Muulize muuzaji wa jumla kama ana karatasi ya kipimo cha haidrolisisi, ambacho kipande kinafungiwa kwenye nyuzi 70 na unyevu asilimia 95, na matokeo yanasomwa kwa wiki. Iliyostahimili wiki 3 na iliyostahimili wiki 10 siyo mali moja. Asipokuwa nayo, chukulia ni ya esta na mwambie mteja wako hivyo kabla hujashona.

Na mnaonunua mtumba, umri unahesabiwa tangu siku utando ulipopakwa kiwandani, siyo siku ulipolitoa jaketi kwenye belo. Linaweza kuwa limekaa kabatini Ulaya miaka kadhaa, likapanda meli, kontena likachemka bandarini. Kabla hujatoa hela kunja kola katikati uangalie kama kuna mipasuko myembamba kama nywele, pitisha ukucha kwenye ukingo wa mshono wa kwapani, bonyeza kidole gumba, nusa ndani. Likinata au ukucha ukiinua ngozi, liache hata kama bei ni ya kutupa.