Hoja ya sheria si hoja nzito

Mjomba wangu amenunua bahasha ya kaki, ameijaza nakala za hukumu tatu, na kila akija mjini ananiwekea mezani. "Soma mwenyewe, mwanangu. Kesi yetu ina hoja ya kisheria kabisa. Mashahidi wao wote waongo!" Nimelisikia hilo kwake, nimelisikia kwa jirani wa kesi ya mirathi, na juzi nimelisikia redioni kwa mtu aliyetambulishwa kuwa mchambuzi. Naandika ili mara nyingine nimpe mtu karatasi asome, nami ninywe chai yangu.

Maana kwa ufupi. Suala la sheria, ambalo ndilo mjomba analoliita hoja ya kisheria, ni swali kuhusu sheria inasema nini, au kuhusu inavyofanya kazi juu ya mambo ambayo mahakama imeshasema yalitokea. Suala la ukweli wa mambo ni swali kuhusu nini kilitokea: nani alisema, nani alilipa, lini, nani wa kuaminiwa. Zipo rufani ambazo sheria imezifungia mlango wa pili na kuacha wa kwanza wazi. Tanzania, rufani ya kodi inayotoka Baraza la Rufani za Kodi kwenda Mahakama ya Rufani ni ya masuala ya sheria peke yake. Ya kazi inayotoka Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi, ni hivyo hivyo. Na shauri la madai lililoanzia Mahakama ya Mwanzo haliingii Mahakama ya Rufani mpaka Mahakama Kuu itoe hati ya kuthibitisha kwamba kuna hoja ya kisheria ndani yake. Kenya, aliyeshindwa kwenye Mahakama ya Madai Madogo huenda Mahakama Kuu kwa masuala ya sheria tu, na huko ndiko mwisho.

Kinachotuponza ni neno lenyewe. "Hoja" tumelitoa katika Kiarabu, hujja, na huko asili yake ni ithibati, kitu unachomshindia mwenzako. Kwetu limebaki na ladha hiyo: hoja hujibiwa kwa hoja, fulani ana hoja, fulani hana hoja. Bungeni likachukua kazi nyingine, mbunge anatoa hoja na wenzake wanaiunga mkono. Sasa mtu akiambiwa rufani yake lazima iwe na "hoja ya kisheria", anasikia kwamba lazima iwe na nguvu, na kwamba nguvu hiyo iwe ya kiwakili. Mjomba ana uhakika na nguvu ya kesi yake, kwa hiyo ana uhakika na hoja.

Sheria zetu ziliandikwa kwa Kiingereza, na neno lililotumika humo ni "point", yaani nukta. Nukta haina uzito. Ni mahali tu, pale ambapo wagombanao wameachana njia. Ndiyo maana mimi napenda zaidi "suala", ambalo ni ndugu wa "swali", mzizi wao mmoja. Ukisema suala la sheria, unakumbuka kwamba unachopeleka juu ni swali la kujibiwa. Swali laweza kuwa la sheria kabisa na likajibiwa dhidi yako kwa mistari miwili. Na lalamiko laweza kuwa la haki tupu, la kumliza mtu, na lisiwe suala la sheria hata kidogo.

Upande wa pili nao una matatizo yake. Tunasema "suala la ukweli", kana kwamba suala la sheria ni la uongo. Neno la Kilatini lililozaa lile la Kiingereza, "fact", lina maana ya kilichotendwa. Basi ni suala la kilichotendwa, ningekuwa na uwezo ningelibadilisha leo.

Halafu kuna ugonjwa wa kubandika. Hati za rufani nyingi huanza kila sababu kwa "hakimu alikosea kisheria na kiukweli", hata pale mlango wa ukweli umefungwa. Wajanja hufuta "na kiukweli" na kuacha: "Hakimu alikosea kisheria kwa kumwamini shahidi wa pili." Hilo ni suala la kilichotendwa lililovaa kanzu ya kuazima. Majaji huivua kwenye ukurasa wa kwanza.

Turudi kwenye bahasha. Mjomba alimnunulia mwanawe pikipiki iliyotumika kwa 2,500,000, kwa awamu. Hakuna ugomvi kwamba 1,800,000 zililipwa. Muuzaji alimshitaki Mahakama ya Mwanzo kwa 700,000 zilizobaki. Mjomba akasema alizilipa, shemeji yake akiona, na akatoa kaunta buku lenye mstari mmoja kwa mwandiko anaosema ni wa muuzaji: "Nimepokea 700,000 ya pikipiki, imebaki kadi." Hakimu hakumwamini shemeji. Kuhusu kaunta buku alisema mambo mawili: kwamba mwandiko ni wa muuzaji kweli, na kwamba hata hivyo maneno hayo hayaonyeshi deni limekwisha. Mahakama ya Wilaya ikakubaliana naye, Mahakama Kuu pia.

Je, shemeji alikuwa mkweli? Hilo ni la kilichotendwa, tena la ndani kabisa, kwa sababu hakimu ndiye aliyemwona akijibu maswali huku akitazama dari. Mahakama ya Wilaya, kwa kuwa ndiyo rufani ya kwanza, ilikuwa na wajibu wa kuupitia ushahidi wote upya. Rufani ya pili kwa kawaida haigusi jambo ambalo mahakama mbili za chini zimeliona kwa namna moja, ila kama ushahidi ulieleweka vibaya mno au kanuni ya sheria ilivunjwa. Huko juu zaidi shemeji amekwisha. Mjomba anatumia kurasa sita za bahasha kumtetea.

Je, ni nani aliyepaswa kuthibitisha malipo, anayedai au anayesema amelipa? Sheria. Je, Sheria ya Ushahidi inatumika? Sheria tena, na jibu lake huwashangaza hata mawakili wachanga: Mahakama ya Mwanzo haiongozwi na sheria hiyo, ina kanuni zake za ushahidi za mwaka 1964. Nimeona sababu ya rufani iliyonukuu vifungu vinne vya Sheria ya Ushahidi dhidi ya hakimu ambaye hakupaswa kuvitumia. Swali lilikuwa la sheria. Lilishindwa vilevile.

Sasa ule mstari wa kaunta buku. Nani aliuandika ni la kilichotendwa, na lilijibiwa kwa faida ya mjomba. Lakini maneno "imebaki kadi" yana maana gani kwenye hati ya kupokea pesa? Kufasiri maneno ya hati ambayo mahakama imekubali kwamba ni halisi huhesabiwa kuwa suala la sheria. Anayeandika kwamba kilichobaki ni kadi, huku awamu ya mwisho ikilingana na deni lililobaki hadi shilingi, amesema nini kuhusu pesa? Hapo ndipo njia zinapoachana. Mjomba hajaandika hata sentensi moja juu ya hilo.

Kipimo ninachotumia si changu. Mwaka 1969, katika kesi ya Mukisa Biscuit iliyotoka Uganda, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilieleza pingamizi la awali, lile linaloletwa kabla kesi haijasikilizwa, ni nini, na Rais wake, Newbold, akasema kwamba hujadiliwa kwa kudhania kuwa mambo yote yaliyodaiwa na upande wa pili ni sahihi, na kwamba haliwezi kuletwa kama kuna jambo linalohitaji kuchunguzwa kwanza. Kesi ile haikuwa ya rufani za aina hii, lakini kipimo kinahamia bila shida. Chukua kila kitu ambacho mahakama imesema kilitokea, hata kinachokuuma, na kikubali. Shemeji mwongo, sawa. Ukishakubali yote, je, lalamiko lako bado limesimama? Lililobaki limesimama ndilo la sheria.

Kipimo hicho kina pengo moja, na lazima niliseme kwa sababu ndipo watu wengi wenye haki hupotelea. Vipi kama mahakama imesema kitu kilitokea na hakuna shahidi hata mmoja aliyekisema? Tuseme hukumu ingeandika kwamba jirani alimwona mjomba akikiri deni, na kwenye mwenendo wa kesi, yaani kumbukumbu za yaliyosemwa mahakamani, hakuna jirani aliyewahi kusimama. Hapo huwezi kuambiwa "kubali". Katika rufani ya Atlas Copco dhidi ya Kamishna Mkuu wa TRA, namba 167 ya 2019, Mahakama ya Rufani ilieleza nini huhesabiwa suala la sheria kwenye kodi: tafsiri ya sheria, matumizi yake juu ya ushahidi uliopo, na tatu, uamuzi uliofikiwa bila kuutathmini ushahidi, au bila ushahidi wowote, au uliopinda kiasi kwamba hakuna baraza lenye akili timamu lingeufikia. Mahakama ya Juu ya Kenya ilikuwa imepita karibu na hapo mwaka 2014, kwenye kesi ya ugavana wa Meru ya Peter Munya.

Watu wakisikia hilo la tatu hufurahi na kurudisha ushahidi wote kwa mlango wa nyuma. Pole pole. "Hakuna ushahidi" si sawa na "ushahidi ni mdogo", wala si sawa na "mimi ningeamua vingine". Ukisema hakuna, mwenye kukujibu akionyesha ukurasa mmoja wa mwenendo wenye shahidi mmoja aliyelitaja jambo hilo, umekwisha. Kwa hiyo kabla ya kuandika neno "hakuna", mwenendo husomwa wote, ukurasa kwa ukurasa, na kidole mezani.

Jumapili mjomba alikuja tena. Sikumwambia kwamba hana hoja. Nilimwomba anisomee sababu yake ya kwanza, akasoma: "Kwamba Mahakama ilikosea kisheria kwa kulikataa daftari letu." Nikamwambia hawakulikataa, mjomba, walilipokea na wakasema mwandiko ni wa muuzaji. Nikampa kalamu. Tukafuta, tukaandika: "Kwamba, ikiwa imekubali kuwa muuzaji ndiye aliyeandika hati hiyo, Mahakama ilikosea kuyafasiri maneno 'imebaki kadi' kana kwamba deni bado lipo."

Akaisoma mara mbili. "Na shemeji je?"

Shemeji tukamtoa kwenye bahasha.