Je, wajua kwa nini ujumbe ulioandikwa upya husikika kama wa mtu mwingine?

"Nataka mwenzangu aniandikie upya ujumbe wangu kwa namna nne au tano, nichague mmoja. Nimweleze nini kuhusu mimi, kuhusu ninayemwandikia na ninachokitaka, ili zote zifanane na jinsi tulivyo?"

Mweleze mnavyoitana kila siku, nani ana haki ya kudai nini kwa mwenzake, na unataka mpokeaji afanye nini akishasoma. Umri na cheo vitaje pia, lakini peke yake vinapotosha.

Tuchukue deni. Kijana amemkopesha pesa mkubwa wake wa kazini, naye akaahidi kulipa mwisho wa mwezi. Wiki mbili zimepita bila malipo. Kijana ameandika, "Habari, naomba ile pesa yangu," kisha akampa rafiki yake kwa maelekezo ya maneno mawili tu: kwa heshima. Rafiki akaleta matoleo manne. La kwanza linaanza na "Mheshimiwa, kwa unyenyekevu mkubwa", la mwisho na "Vipi mkubwa, mzigo wangu?" Yanatofautiana sana, na hapo ndipo kosa lilipo. Rafiki hakuandika ujumbe mmoja kwa namna nne, ameandika mahusiano manne. Mkubwa yule ni mtu mmoja na kijana yule ni mmoja, kwa hiyo namna ya kuitana haipaswi kubadilika kutoka toleo hadi toleo. Kinachobadilika ni ukali wa shinikizo.

Mwaka 1987 wanaisimu Penelope Brown na Stephen Levinson walieleza kwamba uzito wa ombi hutokana na mambo matatu: nani ana nguvu juu ya nani, wako karibu kiasi gani, na jambo lenyewe linambana mwombwaji kiasi gani. Kwenye deni letu mambo hayo yanavutana. Cheo kiko upande wa mkubwa, haki iko upande wa kijana. Rafiki akiambiwa cheo tu, atamfanya kijana aombe mali yake kama anayeomba msaada. Akiambiwa deni tu, atamfanya afoke.

Sasa kijana anaongeza maelezo. Tunaitana "kaka", si "bosi". Tunataniana, lakini pesa hatujawahi kuizungumzia kwa utani. Nilimkumbusha mara moja kwa mdomo, akasema "nimekusikia". Sihitaji pesa leo, nahitaji siku. Na Jumatatu tutaketi meza moja.

Angalia sentensi hizo zinavyogeuka kuwa maneno. Kwa kuwa lengo ni siku ya kulipwa, "naomba ile pesa yangu" inaondoka na mahali pake linakuja swali: "Kaka, ile pesa nitarajie lini?" Kwa kuwa ni mkumbusho wa pili, kusema "labda umesahau" kungekuwa unafiki, kwani wote wawili wanajua hajasahau. Toleo laini kidogo linamwondoa mtenda: "Kaka, naona ile pesa haijarudi. Niiweke kwenye hesabu za mwezi huu au ujao?" Kati ya "haijarudi" na "hujarudisha" deni ni lilelile, ila ya pili inamnyooshea mtu kidole. Toleo zito linashika ahadi yake mwenyewe: "Kaka, ulisema mwisho wa mwezi. Naomba unipe siku ambayo haitabadilika." Yote matatu yana "kaka", na ukiyasoma mfululizo unamsikia mtu mmoja anayezidi kukaza sauti.

Mimi husisitiza sana jambo moja ambalo watu huliruka: mpe mwandishi ujumbe wenu halisi, miwili au mitatu ya karibuni, wako na wake. Mtu akisema "tumezoeana", hilo linaweza kuwa lolote. Lakini mwandishi akiona kwamba kila mara mnaanza na salamu ndefu, au hamsalimiani kabisa, hana haja ya kukisia. Aliyezoea kukuandikia mstari mmoja akipokea aya tatu zenye "tafadhali" nne, atashtuka kabla hajafika kwenye deni.

Kipimo chake ni chepesi. Weka jina la mtu mwingine badala ya la mpokeaji. Kama ujumbe bado unafaa bila kugusa neno, basi maelezo yako hayakuingia ndani yake. Hapo usiombe matoleo zaidi, rudi uongeze maelezo.

Kuna maelezo mengine ambayo hayahusu uhusiano wala lengo, bali hali ya mpokeaji wiki hiyo. Kama mkubwa yule amefiwa juzi, hakuna toleo linalofaa. Inakwenda pole peke yake, na deni linasubiri ujumbe mwingine, siku nyingine.